Kabla hujakata tiketi, jua herufi tatu zinakupeleka kiwanja gani

Wadogo zetu mnaoanza kazi ya kukata tiketi hapa Mtwara, kosa la kwanza mnaloweza kufanya ni kubahatisha msimbo wa kiwanja kwa kusikiliza jina la mji. Mtu anasema Mtwara, mkono unaandika MTW. Herufi hizo ni za kiwanja cha Manitowoc, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mtwara yetu ni MYW. Lindi nayo inamvuta mtu aandike LIN, na LIN ni Linate, kiwanja kimoja cha Milano, Italia. Lindi ni LDI.

Sababu haina fumbo. Herufi tatu hutolewa na IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, na herufi zikishachukuliwa na kiwanja kimoja, kingine hakizipati. Anayechelewa huokota herufi nyingine ndani ya jina lake, au anapewa hata ambayo haimo kabisa. Tafuta Y kwenye neno Mtwara, hutaiona. Kigoma ni TKQ na Masasi ni XMI. Kwa hiyo msimbo haukisiwi, unaangaliwa. Kwa wanaotumia Amadeus, mfumo wa kompyuta wa kukatia tiketi, amri ni mbili tu: ya kwanza inatafuta msimbo kwa jina la mji, ya pili inakuambia herufi ulizonazo ni za wapi.

```
DAN MTWARA
DAC MYW
```

Jizoeze kupiga ile ya pili hata unapodhani unajua. Inachukua sekunde chache, na jibu linaonyesha nchi pia. Ukiona nchi si yenyewe, umejiokoa kabla pesa ya mteja haijatoka.

Msimbo kuwepo hakumaanishi kwamba kuna ndege. Nachingwea ina NCH na Masasi ina XMI, lakini ratiba ya abiria ni suala lingine, linaloulizwa kwa shirika kwa tarehe husika. Mteja akikuonyesha herufi hizo kwenye simu akisema "mbona kiwanja kipo", mwambie kiwanja kipo kweli, kisha mfungulie ratiba aone mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye jambo linalosumbua zaidi, kwa safari ambayo wateja wa huku wanaiulizia: Mtwara hadi Arusha kupitia Dar es Salaam. Kipande cha kwanza ni MYW kwenda DAR, hakina utata. Kipande cha pili kina majibu mawili, na yote mawili mashine inaweza kukuonyesha kama Arusha. ARK ni kiwanja cha Arusha kilichopo Kisongo, kilomita chache magharibi ya mji. JRO ni Kilimanjaro, na herufi zake zimetoka mwishoni mwa jina lenyewe. Hicho kiko kati ya Arusha na Moshi, na kutoka hapo hadi Arusha mjini ni kama kilomita 50 za barabara.

Kwa nini kiwanja kikubwa kikawekwa porini vile? Kilipofunguliwa mwaka 1971 kilikusudiwa kuhudumia miji yote miwili pamoja na watalii wa mbuga na mlima. Lakini ipo sababu ya ardhi na hewa pia, na hii ndiyo inayofaa uielewe. Arusha imekaa juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Meru uko pembeni yake. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mbawa hazipati nguvu ya kutosha mpaka ndege ikimbie kasi zaidi, na kasi hiyo inahitaji njia ndefu ya kurukia. Ndege nzito inataka pia eneo pana lisilo na kilima mbele yake inapopaa na inapotua. Uwanda wa Kilimanjaro uko chini zaidi, karibu mita 900, na uko wazi, ndiyo maana njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 3,600. Ukikuta kiwanja kiko mbali na mji, tazama kwanza ardhi: mji umebanwa na nini, na tambarare ya karibu iko wapi. Lindi ni mfano wa jirani. Mji umeshikwa kati ya ghuba na vilima, na uwanja uko Kikwetu, nje ya mji upande wa kaskazini.

Kwa mteja wetu, tofauti ya ARK na JRO inagusa mfuko. Ndege zinazotumia ARK nyingi ni ndogo, na kikomo cha mzigo mara nyingi ni kilo 15 katika begi laini. Mama anayepeleka gunia la korosho na sanduku gumu hafai kukatiwa hiyo bila kuambiwa. JRO inaweza kumpa kilo zaidi, ila ajue kuna nauli ya gari hadi mjini, na muulize kama anakwenda Arusha kweli au Moshi, kwa sababu wa Moshi atashuka JRO bila swali. Andika kwenye karatasi yake jina kamili la kiwanja, herufi peke yake hazimsaidii.

Angalia pia kama vipande viwili viko kwenye tiketi moja. Siku ya safari, lebo ya mzigo inayobandikwa Mtwara husema ukweli wote: herufi kubwa kabisa ni za mahali begi linapoishia. Ikisomeka JRO, begi linaunganishwa. Ikisomeka DAR, abiria alichukue Dar es Salaam na kulikabidhi upya, kwa hiyo usimwachie dakika 50 za kuunganisha.

Miji mikubwa ya nje ina msimbo wa mji mzima juu ya misimbo ya viwanja. Ukiandika MIL, mashine inaleta Malpensa, MXP, kilomita kama 50 kutoka katikati ya Milano. Linate, LIN, iliyo karibu na mji. Na Bergamo, BGY. Bei nafuu inaweza kuwa ni ya kufika MXP na kuondokea LIN, na mwenye kuvuka mji na mizigo ni abiria. Soma herufi za kufika na za kuondoka kwa kila kituo. Zisipofanana, mwambie kabla hajalipa.

Tumalizie na abiria wa Lindi anayeruka kutoka MYW. Kwake kiwanja kiko mbali kweli: zaidi ya kilomita 100 za barabara kupitia Mnazi Mmoja. Tiketi imeandikwa 1000, nawe mtafsirie palepale kuwa ni saa nne asubuhi, kwa maana wapo wanaosoma 1000 wakaelewa saa kumi. Awe uwanjani saa mbili asubuhi. Gari lipewe saa mbili za njiani na nusu saa ya akiba, basi aondoke Lindi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ndege ikiwa ya 0650, yaani saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, mshauri alale Mtwara.