Umebadilisha nchi ya chaneli: imekubali au bado?

Shikamoo mwalimu. Chaneli yangu ya YouTube ilikuwa imeandikwa Kenya, nimeibadilisha kuwa Tanzania. Nimebonyeza Save, dirisha likafunga, kimya. Nitajuaje kama imekubali?

Marahaba. Usikae ukingoja barua pepe. Hilo si ombi linalosubiri mtu alipitie, ni mpangilio tu unaohifadhiwa. Fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, pakia ukurasa upya, kisha ingia Settings, halafu Channel, halafu Basic info. Ukikuta Tanzania kwenye kisanduku cha Country of residence, imehifadhiwa. Ukikuta Kenya imerudi, basi Save haikupita, na mara nyingi ni mtandao ulikatika.

Hapo umeona kwa jicho la mwenye nyumba. Sasa angalia kwa jicho la mgeni: fungua chaneli yako kwenye dirisha la faragha, bila kuingia akaunti, ubonyeze maelezo yaliyo chini ya jina la chaneli. Huko ndani, karibu na tarehe uliyojiunga na idadi ya kutazamwa, nchi huwa imeandikwa.

Kwa mwenye ufunguo wa API kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ninayoipenda kwa sababu haina maneno mengi:

```
https://www.googleapis.com/youtube/v3/channels?part=snippet&forHandle=@jina&key=UFUNGUO
```

Jibu likiwa na `"country": "TZ"`, mambo yamekwisha. Mstari huo usipokuwepo kabisa, maana yake chaneli haijawekewa nchi yoyote.

Ikitokea Studio inasema Tanzania na ukurasa wa nje unasema Kenya, kabla ya kulalamika tazama picha iliyo kwenye kona ya Studio. Wenye chaneli mbili chini ya akaunti moja hubadilisha ile ya mpira, kisha wakaenda kuikagua ile ya mapishi.

Mimi nilibonyeza picha yangu kule YouTube, nikachagua Location: Tanzania. Mbona chaneli bado inasoma Kenya?

Hapo umebadilisha unachoonyeshwa wewe kama mtazamaji. Chaneli haijaguswa. Rudi Studio kwa njia niliyoieleza hapo juu.

Nchi ikishabadilika, ni vitu gani hasa vinabadilika kwenye chaneli? Naogopa nisije nikapoteza wafuasi.

Wafuasi wako palepale. Masaa ya kutazamwa, video, anwani ya chaneli na maoni ya watu havisogei hata kidogo.

Kinachoguswa ni mlango wa pesa. YouTube ina orodha ya nchi ambazo mpango wake wa washirika, YPP, unafanya kazi, na nchi ya chaneli ndiyo inayoulizwa mlangoni. Tanzania, Kenya na Uganda zimo, Oman pia imo. Kwa hiyo anayetoka Kenya kuja Tanzania hatikisiki. Hatari ni kwa aliyekwisha kukubaliwa kisha akachagua nchi isiyomo, hata kwa kuteleza kidole kwenye ile orodha ndefu: anatolewa kwenye mpango, na akitaka kurudi ataomba upya.

Halafu kuna vile vipengele vya mashabiki kuchangia, kama Super Chat, Super Thanks na uanachama wa chaneli. Kila kimoja kina orodha yake ya nchi, na orodha hizo hazilingani na ile ya YPP. Ndiyo maana mtu anaweza kuendelea kulipwa matangazo huku kitufe kimoja kikiwa hakipo. Mahali pa kutazama ni Earn, ndani ya Studio. Tazama ukurasa huo kabla ya kubadilisha nchi, uupige picha ya skrini, kisha ulinganishe baada ya kubadilisha. Bila picha ya kwanza utabaki unabishana na kumbukumbu yako.

Rafiki yangu anasema niweke Marekani ili matangazo yalipe zaidi. Ni kweli?

Si kweli. Bei ya tangazo inafuata mtazamaji alipo. Kama wanaokutazama wako Morogoro na Kisumu, wanaonyeshwa matangazo ya huko, chaneli iandike Marekani au iandike mwezini. Na siku ya kulipwa utatakiwa anwani halisi ya kupokelea barua, na hapo Marekani yako ya kwenye skrini haikufai kitu.

Kaka, nilikuwa nafanya kazi Muscat, chaneli nikaiandikisha Oman na malipo yakawa yanakuja huko. Sasa nimerudi Tanga kabisa. Nimebadilisha nchi ya chaneli na imekubali, lakini AdSense bado inasema Oman. Nina dola 63 humo. Nifanyeje?

Karibu nyumbani, ndugu yangu. Wewe umepatia nusu ya kwanza, na wengi hukwamia hapohapo wakidhani chaneli ikisema Tanzania basi kila kitu kimehama. Nchi ya chaneli na nchi ya malipo ni vitu viwili. Ya chaneli unaibadilisha mwenyewe kwa dakika moja. Ya AdSense haibadiliki kamwe: akaunti iliyofunguliwa Oman itakufa ikiwa ya Oman. Inabidi kuifunga na kufungua nyingine ya Tanzania.

Sasa hizo dola 63. Kwa kawaida hulipwi mpaka ufikishe dola 100, lakini anayefunga akaunti hulipwa salio lake likiwa limezidi dola 10, kwa hiyo zako hazipotei. Ila usikimbilie kufunga. Mapato ya YouTube ya mwezi uliopita huingia AdSense kati ya tarehe 7 na 12. Subiri yaingie. Kama akaunti ya benki ya Muscat bado iko hai, na salio linakaribia 100, mimi ningengoja mwezi mwingine nilipwe kawaida, ndipo nifunge. Malipo ya kawaida hutoka kati ya tarehe 21 na 26.

Usifungue ya pili wakati ya kwanza ingali hai kwa jina lilelile, maana mtu mmoja anaruhusiwa moja tu, na ile mpya itakataliwa. Ya zamani ikishafungwa, anzia Studio, kwenye Earn, utumie sehemu ya kubadilisha AdSense iliyounganishwa, na ufungue mpya ukiwa hapohapo. Kuwa makini usikosee, kwa sababu kubadilisha kiungo hicho kunaruhusiwa mara moja tu kila siku 32.

Akaunti mpya haikumbuki chochote cha ile ya zamani. Utajaza tena fomu ya kodi ya Marekani, na mapato yakifika dola 10 utatumiwa kwa posta PIN mpya ya kuthibitisha anwani yako. Andika S.L.P. unayoifungua wewe mwenyewe au mtu unayemwamini. Yangu niliiandikia sanduku la shule moja, ikakaa wiki tatu chini ya madaftari ya mtihani.

Utajua imekamilika ukiona mambo mawili: Earn inaonyesha akaunti mpya imeunganishwa, na ndani ya AdSense nchi ya wasifu wa malipo inasoma Tanzania.

Nimehamia Tanzania kwenye chaneli lakini Studio bado inanionyesha mapato kwa dola.

Ni onyesho tu. Settings, General, chagua sarafu unayoitaka.