Bango limebadilishwa nikiwa Newala, na sikupigiwa simu

Juzi nilikuwa msibani Newala, laptopu nimeiacha Mtwara. Huku nyuma mechi iliyokuwa ichezwe Nangwanda Sijaona ikahamishiwa Ilulu, Lindi, na tarehe ikasogezwa. Dogo mmoja tunayefanya naye kazi kule Lindi akafungua faili yangu ya Photoshop, akabadilisha uwanja na tarehe, akapeleka kuchapa. Mimi nimeliona bango kwenye stetasi. Nilifurahi, sitaficha.

Nimewahi kurithi faili ya mtu, jina namsitiri. Leya zote `Layer 12 copy 3`, ukizima jicho la moja golikipa anatoweka. Nilitafuta namba ya simu jioni nzima, kumbe maandishi kayageuza picha, hayahaririki tena. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Bango langu lina magrupu manne, kuanzia juu:

```
01_BADILISHA
02_WACHEZAJI
03_NEMBO
04_NYUMA
```

La kwanza lina kila kitu ambacho mteja anaweza kukigeuza kesho: `tarehe`, `uwanja`, `kiingilio`, `simu`. Nimelipaka rangi nyekundu kwenye paneli ya leya. `04_NYUMA` nimelifunga kufuli, asije akaivuta picha ya nyuma akidhani ameshika maandishi.

Hapo kwenye majina ndipo wengi mnapokosea. Photoshop huipa leya ya maandishi jina la maneno yaliyomo, na ukibadilisha maneno, jina nalo hubadilika. Ila ukishaliandika jina kwa mkono, linabaki hivyo hivyo. Sasa ungeiita `Nangwanda`, leo ingesomeka Nangwanda huku ndani imeandikwa Ilulu, na anayekuja baadaye angeipita tu. Ipe jina la kazi yake: `uwanja`. Mechi ikihamia hata Masasi, jina ni lile lile.

Jina la faili nalo ni hivyo hivyo. Msiweke tarehe ya mechi, maana itasogezwa. Mimi naweka siku niliyoanza kazi, mwaka mbele, ili faili zijipange zenyewe:

```
2025-08-02_bango-mechi_v03.psd
2025-08-02_bango-mechi_v03_CHAPA.pdf
```

Achaneni na `FINAL FINAL MPYA`. Ukiona mbili za hivyo kwenye folda moja, utachapa ipi?

Wachezaji nimewakata kwa maski, sikutumia kifutio. Ukifuta, bega la mchezaji limekwenda moja kwa moja. Kwenye maski unapaka nyeupe, linarudi. Na mwenye duka la uchapaji akitaka maandishi yageuzwe maumbo, hilo lifanyike kwenye nakala ya kuchapa, siyo kwenye faili mama.

Kilichobaki ni fonti. Dogo asingekuwa nayo kwenye kompyuta yake, angeona alama ya tahadhari kwenye leya, na akigusa maandishi Photoshop ingemtaka aweke fonti nyingine. Ndiyo maana natumia fonti za bure, na nakala yake inakaa kwenye folda ile ile ya kazi.

Kabla hujatuma, zima jicho la `01_BADILISHA`. Neno lolote la mteja linalobaki kwenye kioo limekaa grupu lisilo lake.