HashMap ya rekodi milioni 13 inasita

Nimeandika `new HashMap<>(13_000_000)` kwa rekodi milioni 13. Mbona inasita karibu na mwisho?

— Namba hiyo ni ya ndoo, si ya rekodi. Java huipandisha hadi kipeo cha 2 kinachofuata, yaani 16,777,216, na hupanua jedwali rekodi zikizidi asilimia 75 ya hapo: 12,582,912. Wewe unavuka mpaka huo ukiwa umebakiza kidogo. Jedwali jipya lenye ndoo maradufu linaundwa la zamani likiwa bado kwenye memori, kisha kila rekodi inabaki kwenye namba yake au inasogea mbele kwa 16,777,216. Heshi hazikokotolewi tena, ila kuzipitia rekodi zote ndiko kunakosita. Kuanzia Java 19:

```java
HashMap.newHashMap(13_000_000)
```

Toleo la nyuma, weka `17_333_334`.

— Si minyororo kugeuka miti? Ndoo ikizidi rekodi 8 inageuka.

— Ndiyo, ila jedwali likiwa na ndoo 64 au zaidi. Chini ya hapo linapanuliwa tu. Miti ikiwa mingi, mshuku `hashCode()` yako.

— Mimi nina milioni 2 tu, inasita vilevile.

— Ukubwa wa mwanzo uliweka?