"Haijatekelezwa" au "haikutekelezwa"? Lugha ya jedwali la maazimio

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu na katibu wa kamati ya shule ya msingi. Kila baada ya kikao naandaa jedwali la maazimio lenye kazi, mhusika, tarehe ya mwisho na hali ya utekelezaji. Kwenye hali huandika "bado" au "inaendelea", na kikao kinachofuata wajumbe hubishana nilimaanisha nini. Niandike "haijatekelezwa" au "haikutekelezwa"? Na ni "imetekelezwa" au "limetekelezwa"?

Jibu: Yote mawili ni Kiswahili sanifu, lakini hayabebi ujumbe mmoja. "Haijatekelezwa" ni kanusho la "imetekelezwa". Kiambishi -ja- kinasema kwamba mpaka unapoandika kazi haijafanyika, ila ingali inangojewa. "Haikutekelezwa" ni kanusho la "ilitekelezwa", na linazungumzia wakati uliokwisha kupita. Ukimuuliza mtu kama amekula, akajibu "sijala", unamkaribisha mezani. Akisema "sikula", anakusimulia mlo ambao sasa haupo tena.

Basi kwenye jedwali lako, tumia "haijatekelezwa" kwa kila kazi ambayo kamati bado inaitaka, hata kama tarehe yake imepita. Ikiwa imepita, sema hivyo waziwazi: "Haijatekelezwa, muda ulikwisha tarehe 30 Aprili 2025." Tarehe ya zamani usiifute. Kikao kikikubali tarehe mpya, iandike chini ya ile ya kwanza, ili msomaji aone kwamba muda umeongezwa. "Haikutekelezwa" uiweke akiba kwa kazi ambazo nafasi yake haitarudi. Tuseme mjumbe alipewa kazi ya kuwatangazia wazazi mkutano wa tarehe 20 Machi, asitangaze, na siku ikapita. Hapo kuandika "haijatekelezwa" ni kuudanganya wino, kwa sababu hakuna atakayeutangaza tena mkutano huo. Andika "haikutekelezwa", na kama kamati inataka mkutano mwingine, hilo ni azimio jipya lenye namba yake. Kuna pia "limeahirishwa", ambalo makatibu wengi hulitumia kumsitiri mtu aliyechelewa. Anayeahirisha azimio ni kikao. Kama kikao hakikuamua hivyo, neno hilo halina haki ya kukaa pale.

"Bado" peke yake ndilo chanzo cha ule ubishi, na wajumbe wako hawana kosa. Neno hili huegemea kitenzi kinacholifuata: "bado haijaanza" ni jambo moja, "bado inaendelea" ni jambo lingine kabisa. Katika mazungumzo tunaweza kuliacha peke yake kwa sababu swali lililotangulia linatueleza. Mtu akiuliza "fundi amefika?" na akajibiwa "bado", hakuna utata. Safu ya jedwali haina swali la kulitangulia, kwa hiyo kila mjumbe anajitungia lake.

"Inaendelea" ina udhaifu mwingine. Kiambishi -na- kinaonyesha kwamba jambo liko njiani, lakini hakisemi limetoka wapi wala limebakiza nini, na kazi ambayo haijaguswa kwa miezi miwili inaweza kuandikiwa neno hilo bila mtu kushtuka. Ninapopitia mihtasari huwa nalitafuta neno hili kwanza. Dawa yake ni kulivunja kuwa vitenzi viwili, kimoja cha -me- na kimoja cha -ja-: kilichokwisha kufanyika, na kilichobaki. Kama huna cha kuandika upande wa -me-, basi kazi haiendelei, haijaanza.

Chukua mfano wa vyoo. Katibu aliandika hivi baada ya kikao cha tarehe 7 Machi 2025: kazi, "Suala la vyoo lishughulikiwe", mhusika, "Kamati", tarehe ya mwisho, "mwezi ujao", hali, "inaendelea". Tatizo halikuanzia kwenye hali. Kitenzi "kushughulikia" hakina mwisho unaoonekana. Jaribu kukitia -me-: "suala limeshughulikiwa." Nani atathibitisha, na kwa kutazama nini? "Kufuatilia" na "kuangalia uwezekano" ni wa ukoo huohuo. Kitenzi cha jedwali kinapaswa kuwa kile ambacho kikitiwa -me-, mjumbe anaweza kuinuka akaenda kuona. Ukiandika "matundu manne yamekarabatiwa", mtu atatoka nje ayahesabu.

"Kamati" nayo si mhusika, kwa sababu kamati nzima haiwezi kusimama kujibu. Baadhi ya makatibu wameanza kuandika "mtekelezaji" kwenye kichwa cha safu hii, lakini mimi naona "mhusika" uliyoizoea inatosha, tena inafaa zaidi. Mtekelezaji wa ukarabati ni fundi anayeshika mwiko, na fundi si mjumbe. Unayemtaka pale ni yule atakayeulizwa kikaoni. Andika cheo chake, na awe mmoja.

"Mwezi ujao" inaeleweka siku ya kikao tu. Ikisomwa mwezi wa Mei, inakuwa Juni. "Kikao kijacho" husogea vilevile. Na uwe mwangalifu na "kabla ya tarehe 30", kwa maana anayeifuata neno kwa neno atahesabu kwamba tarehe 30 yenyewe amekwisha kuchelewa. Kichwa cha safu tayari kinasema "tarehe ya mwisho", kwa hiyo iandike tarehe tupu.

Mstari ule mmoja wa vyoo, ukiandikwa upya kwa ajili ya kikao cha tarehe 9 Mei, unazaa miwili:

| Na. | Kazi | Mhusika | Tarehe ya mwisho | Hali hadi 9 Mei 2025 |
|---|---|---|---|---|
| 3(a) | Kupata bei za saruji na mabati kutoka maduka matatu | Mwenyekiti wa kamati ndogo ya ujenzi | 21 Machi 2025 | Imetekelezwa tarehe 19 Machi |
| 3(b) | Kukarabati matundu manne ya vyoo vya wavulana | Mwalimu mkuu | 30 Aprili 2025. Imeongezwa hadi 31 Mei 2025 | Haijakamilika. Matundu mawili yamekarabatiwa. Mawili hayajaezekwa |

Tazama tarehe iliyo kwenye kichwa cha safu ya mwisho. Viambishi -me- na -ja- hupima kuanzia wakati wa kuandika, na jedwali lisilo na tarehe hiyo halisemi "mpaka sasa" ni lini. Namba ya azimio nayo ibaki ileile ya kikao cha Machi. Muhtasari uliokwisha kuthibitishwa na kutiwa saini haurekebishwi. Mabadiliko ya hali yanaingia kwenye muhtasari mpya, chini ya yatokanayo, na namba ndiyo inayomrudisha msomaji kwenye azimio lenyewe.

Kuhusu upatanisho, kichwa cha safu ndicho kinachoamua. Umeandika "Kazi", hivyo ni "imetekelezwa", "haijatekelezwa", "imefutwa". Ukibadilisha kichwa kuwa "Azimio", itabidi uandike "limetekelezwa", "halijatekelezwa", "limefutwa". Zote mbili ni sahihi, mradi usizichanganye katika jedwali moja. Ila unapoeleza sehemu ya kazi, kama pale kwenye 3(b), kitenzi kinafuata nomino iliyotajwa: matundu yamekarabatiwa, saruji imenunuliwa, mlango haujafungwa bawaba. Na ukiwasomea wajumbe taarifa ya jumla, rudi kwenye wingi: maazimio matano yametekelezwa, mawili hayajatekelezwa, moja halikutekelezwa.