Anachafua nepi kutwa, kumbe amefunga choo

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka 6 na mtindio wa ubongo, uzito wake kilo 14, haongei wala haketi mwenyewe. Anatumia fenobabitoni ya degedege na benzheksoli ya kukakamaa misuli, na maji humpalia. Wiki ya tatu sasa anaharisha kidogokidogo kwenye nepi, mara sita hadi nane kwa siku. Duka la dawa walinipa metronidazo na loperamidi, sijaona nafuu. Usiku analia amejinyoosha kama upinde, uji anaukataa. Shangazi yake anasema ni mchango, nimpe mafuta ya nyonyo vijiko viwili. Nimpe? (Mama, Morogoro)

Jibu: Mafuta usimpe, mama, na loperamidi iache leo. Kwa maelezo yako, mtoto huyu ana dalili zote za kufunga choo. Loperamidi hupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo mtoto amekuwa akiongezewa ugonjwa uleule uliokwenda kuutafutia dawa dukani.

Choo kikikaa muda mrefu mwishoni mwa utumbo, maji yake hufyonzwa na kinabaki bonge gumu. Bonge hilo hutanua utumbo hadi mtoto asihisi tena kwamba umejaa. Choo kipya kinachoshuka kutoka juu bado ni laini, hakina pa kupita ila pembeni mwa bonge, basi huvuja kidogokidogo na kuchafua nepi bila mtoto kujua. Kuharisha kwa kweli huja kwa wingi, mara nyingi pamoja na homa au kutapika, na hakuendi wiki tatu kwa vijiko viwili vitatu vyenye harufu kali. Jiulize mara ya mwisho kuona choo kamili, kilichoshikana na kujaza nepi, ilikuwa lini. Kisha, akiwa ametulia na magoti umeyakunja, papasa tumbo chini ya kitovu, zaidi upande wa kushoto. Wengi hukuta kitu kigumu kama kiazi. Usipokikuta haimaanishi hakipo, kwa hiyo mpeleke kliniki wampime tumbo.

Sababu unazo nyumbani. Mtoto hasimami wala hatembei, maji anakunywa machache kwa sababu yanampalia, na benzheksoli inapunguza mwendo wa utumbo. Mwambie daktari aliyeiandika, aone kama dozi inaweza kushuka. Usiikatishe mwenyewe, na fenobabitoni usiiguse kabisa, maana kuiacha ghafla huamsha degedege.

Kule kujinyoosha usiku ndiko kunakonisikitisha zaidi, kwa sababu mtoto asiyeongea akiumwa hupewa kila jina isipokuwa maumivu: ukaidi, meno, mchango, hata mashetani. Mwenye mtindio wa ubongo akiumwa tumbo hukaza misuli kuliko kawaida yake, hukunja uso, hukataa chakula, huamka usiku, na degedege huweza kuongezeka. Mwenye usonji huenda akajipiga kichwa, akajing'ata mkono, akatembea kwa ncha za vidole au akajificha nyuma ya kochi amebana miguu. Kwa siku saba, asubuhi na usiku, angalia mambo matano: uso, miguu, mwili unavyotulia, kilio, na anavyobembelezeka. Kila jambo lipe 0 kama yuko kama siku zake nzuri, 1 kama limebadilika kidogo, 2 kama limebadilika sana. Pembeni andika choo alichopata. Maksi zikipanda siku za bila choo na kushuka akishapata, umeshajua anakoumia, na karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Hatua ya kwanza ni kuondoa bonge. Dawa inayofaa zaidi ni makrogoli, unga unaoyeyushwa majini na kuyashikilia maji ndani ya choo. Kiwango cha kusafisha ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 3 hadi 6; kwa kilo 14 ni gramu 14 hadi 21. Soma gramu kwenye pakiti, maana hazilingani. Lakini maji mengi kwa mtoto anayepaliwa ni hatari, kwa hiyo kwake usafishaji huu ufanyike hospitali, ikibidi kwa mpira wa puani. Kinywaji kilichozitishwa kwa wanga kisichanganywe na makrogoli, kwani hurudi kuwa chepesi na kumpalia.

Choo kikishatoka, dozi hushuka hadi kama gramu 0.4 kwa kilo, kwake gramu 5 au 6 kwa siku. Mahali ambapo makrogoli haipatikani tunatumia laktulosi, sharubati nzito inayolishwa kwa kijiko. Kwa uzito wake daktari anaweza kuanza na mililita 10 mara mbili kwa siku. Huleta gesi siku za mwanzo. Lengo ni choo laini kama ndizi iliyoiva, karibu kila siku. Dawa iendelee angalau miezi miwili, kisha ipunguzwe polepole. Wengi huiacha wiki ya pili kwa kuogopa "kuzoesha utumbo", na bonge hurudi. Dawa hizi mbili hazifanyi utumbo mvivu. Kinachoulegeza ni lile bonge.

Kumkalisha chooni kuanze bonge likishatoka. Ukimkalisha wakati bado anaumia, atajifunza kwamba kiti ndicho kinachomuumiza. Tafuta kiti kidogo cha plastiki chenye mgongo, kitobolewe katikati na kopo liwe chini. Mkunje nyonga kwanza ili miguu ilegee, umfunge kifuani kwa khanga bila kumbana, nyayo zikanyage boksi na magoti yawe juu kidogo ya nyonga, mikono iegemee stuli mbele yake. Fanya hivyo zikishapita dakika 20 hadi 30 baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, kwa sababu tumbo likijaa utumbo mpana husukuma wenyewe. Dakika 5 zinatosha, kwa maneno yaleyale kila siku. Akianza kukaza au kulia, mtoe.

Kwa mwenye usonji kinachozuia mara nyingi ni woga: giza la choo cha shimo, harufu, kishindo cha maji. Anayekubali nepi tu asinyang'anywe. Ajisaidie na nepi akiwa amesimama chooni, baada ya siku kadhaa aketi nayo, kisha nepi itobolewe.

Narudi kwenye mafuta, maana kila wiki kuna mzazi aliyeshauriwa hivyo. Mtoto anayepaliwa akipewa mafuta ya nyonyo, ya kupikia au ya parafini, mafuta huweza kuingia mapafuni bila hata kikohozi, na kusababisha nimonia ambayo antibayotiki haiwezi kuiondoa. Maji ya sabuni au ya mitishamba yanayoingizwa kwa nyuma huunguza utando wa utumbo, na kwa mtoto mwenye bonge hubaki humo humo. Hata enema za fosfeti za dukani, zikikaa ndani, huvuruga chumvi za damu. Mtoto mdogo asipewe bila daktari. Anayekuuzia hivyo bila kulipapasa tumbo la mtoto hajui anachotibu.

Akitapika rangi ya kijani, tumbo likivimba na kukaza, au akitoa damu nyingi, usimpe dawa yoyote ya choo. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo.