Nilijivunia chumvi yangu ya asili, kumbe mimba ilikuwa na njaa

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia: ana mimba ya wiki tisa, ameacha chumvi ya dukani "yenye makemikali", anatumia ya baharini isiyosafishwa, maziwa yanamkera na kalsiamu anaipata kwenye spinachi. Akaniuliza kama kuna anachokosa. Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza, maana ningeweza kuuandika ujumbe ule mwenyewe katika mimba yangu ya kwanza.

Nilikuwa najua kila kitu, nawaambieni. Nikiona mtu ananunua chumvi ya pakiti namhubiria. Kliniki nilipimwa uzito na presha, nikapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki, nikarudishwa nyumbani. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini, na hilo bado linanichoma. Mwezi wa tano ndipo mkunga mmoja mtu mzima aliponikalisha chini na kuniambia, "Mama, nitajie ulichokula jana, asubuhi hadi usiku, na chumvi pia."

Nilipofika kwenye chumvi, akaweka kalamu chini.

Chumvi ya baharini, ingawa inatoka baharini, karibu haina madini joto, yaani iodini. Ya pakiti ina iodini kwa sababu imeongezwa kiwandani. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine anatosheka na 150. Sababu ni tezi ya shingo: tangu miezi ya mwanzo mama anatengeneza homoni zake zaidi kwa karibu nusu, na figo nazo zinamwaga iodini nyingi zaidi kwenye mkojo. Mtoto hana tezi inayojitosheleza hadi katikati ya mimba. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama, na hapo mama akipungukiwa, mtoto hana pengine pa kuipata.

Akanipigia hesabu kwenye karatasi. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 5 kwa siku nzima, inakupa mikrogramu 150. Zilizobaki 100 hutoka kwa samaki wa baharini, maziwa na mayai. Mimi nilikuwa sili hata kimoja. Nikamwomba anipime nijue hali yangu. Akasema mkojo wa siku moja haumwambii mtu mmoja kitu, kwani kiasi kinapanda na kushuka kila siku. Kipimo hicho kinafaa kwa watu wengi kwa pamoja. Kwa mtu mmoja, sahani ndiyo inayosema.

Basi nikanunua chumvi yenye madini joto, nikaifunga vizuri mbali na unyevu na mwanga, nikaanza kuitia chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu iodini hupotea kwa kuchemshwa sana. Msije mkaongeza chumvi ili mpate iodini, presha itawachukua! Wala msile mwani kila siku. Aina nyingine zina iodini nyingi mno, nayo pia huivuruga tezi. Na mwenye ugonjwa wa tezi azungumze na daktari wake kwanza.

Sasa spinachi, ambayo niliitetea kwa nguvu. Kalsiamu ipo, lakini imefungwa na oksalati, kitu cha asili kilichomo kwenye majani yenyewe, kiasi kwamba katika kila miligramu 100 mwili unafyonza kama 5 tu. Kikombe cha maziwa kina takribani 300, na karibu theluthi yake inafyonzwa. Cha kushangaza, mahitaji ya kalsiamu hayapandi sana kwenye meza, ni miligramu 1,000 kwa mtu mzima, mjamzito au la, kwa sababu utumbo wa mjamzito unajifunza kufyonza maradufu. Lakini utafyonza nini kama hukula? Mtoto huchukua gramu 30 hivi, nyingi miezi mitatu ya mwisho, na upungufu unajazwa kutoka kwenye mifupa ya mama.

Maziwa yalinichefua kweli, nikahamia mtindi, na samaki wadogo wanaotafunwa na mifupa yao. Kabichi nayo ni heri kuliko spinachi. Nilijifunza pia kutomeza kidonge cha kalsiamu pamoja na cha madini ya chuma. Viache saa mbili kati, kwa sababu kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa.

Vitamini D ndiyo inayoufungulia utumbo mlango wa kalsiamu. Chakula kina kidogo tu: samaki wenye mafuta, kiini cha yai, maziwa yaliyoongezwa vitamini hiyo. Nyingi hutengenezwa na ngozi juani, na mimi nilikuwa nashinda ndani ya ofisi, nikitoka nimejifunika mwili mzima. Mtu wa namna hiyo aulizie kidonge. Yuniti 600 kwa siku ndicho kiwango cha kawaida.

Mwanangu alizaliwa salama, ila ile miezi mitano ya mwanzo bado naihesabu. Dada niliyemjibu yuko wiki ya tisa. Nilimwambia abadilishe chumvi leo leo, asingoje kliniki ijayo.