Jumamosi jioni afanye nani? Ratiba ya zamu kwa mgahawa wa wahudumu sita

Swali: Nina mgahawa mdogo Raskazone, hapa Tanga. Wahudumu ni sita: wawili wa kudumu, wanne wa muda. Zamu ya asubuhi ni saa 12 hadi saa 8 mchana, mtu mmoja anatosha. Ya jioni ni saa 8 hadi saa 4 usiku, watu wawili, ila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nahitaji watatu. Kati ya wa muda, mmoja ni mwanafunzi, ana masomo asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumatano jioni pia. Mmoja ana mtoto mdogo, jioni hawezi kabisa. Mmoja ni wa kwaya, Jumatano jioni na Jumapili nzima hayupo. Mmoja anauza sokoni Ngamiani kila asubuhi. Wale wa kudumu wananilalamikia kwamba wikiendi zote ni zao. Nipange vipi?

Jibu: Dada yangu, nadhani unaanza kupanga Jumatatu na kushuka siku hadi siku. Wengi wetu tulianza hivyo, na malalamiko hutokea hapo hapo. Watu wa muda wana zamu chache. Ukiwaweka Jumatatu na Jumanne, ukifika Ijumaa zamu zao zimekwisha, na waliobaki mkononi ni wale wawili wa kudumu. Hukukusudia kuwaonea. Anza na siku ngumu, Jumatatu ije mwisho.

Kwanza hesabu mzigo. Asubuhi ni zamu 7 kwa wiki. Jioni ni 2 kwa siku nne, yaani 8, na 3 kwa siku tatu, yaani 9. Jumla zamu 24. Wa kudumu wakichukua 5 kila mmoja, zimebaki 14: mama wa mtoto 4, wa sokoni 4, mwanafunzi 3, wa kwaya 3. Mgao huu kubaliana nao mapema, maana ndio mshahara wao.

Sasa, kwa kila zamu ya jioni, andika wangapi wanaweza na wangapi wanahitajika. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi wanaweza watano, unahitaji wawili, hakuna shida. Ijumaa na Jumamosi wanaweza watano, unahitaji watatu. Jumapili wanaweza wanne, unahitaji watatu. Jumatano wanaweza watatu tu, unahitaji wawili. Tofauti hiyo mimi naiita nafasi ya kupumua, na Jumatano na Jumapili yako ni ya mtu mmoja. Hizo ndizo za kujaza kwanza, kisha Ijumaa na Jumamosi.

Jioni za wikiendi ni 9, na wanaoweza jioni ni watano. Tisa haigawanyiki kwa tano, kwa hiyo kila wiki wanne wanapata mbili na mmoja anapata moja. Huyo wa moja abadilike kila wiki. Wiki ya kwanza awe wa kwaya:

Ijumaa jioni: wa kudumu wote wawili na wa sokoni. Jumamosi jioni: wa kudumu wa kwanza, mwanafunzi, wa kwaya. Jumapili jioni: wa kudumu wa pili, mwanafunzi, wa sokoni. Jumatano jioni: wa kudumu wa kwanza na wa sokoni.

Wiki ya pili mwingine anapata moja, na wa kwaya anafanya Ijumaa na Jumamosi zote mbili. Baada ya wiki 5 mzunguko umekamilika na kila mmoja amefanya jioni 9 za wikiendi. Wa kwaya hajagusa Jumapili hata moja, lakini hesabu yake ni sawa na ya wenzake. Hapo ndipo minong'ono hupungua, kwa sababu kila mtu anaweza kuhesabu mwenyewe.

Na mama wa mtoto? Jioni hawezi, na usimlazimishe. Lakini wikiendi ina asubuhi pia, na hakuna anayezipenda. Mpe Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Anachangia wikiendi kwa saa anazoziweza.

Zilizobaki ni nyepesi, ila kuna mtego mmoja: mtu anafunga usiku, kesho yake anafungua. Kwako zamu ya jioni inaisha saa 4 usiku na ya asubuhi inaanza saa 12. Ni saa 8 tu, na humo ndimo mtu anarudi nyumbani, analala na kuamka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na inayofuata. Kwa hiyo wa kudumu wa pili, aliyefunga Jumapili, asifungue Jumatatu. Jumatatu asubuhi mpe wa kudumu wa kwanza, Jumanne asubuhi wa kwaya, Jumatano asubuhi wa kudumu wa pili. Jioni: Jumatatu wa kudumu wa pili na mwanafunzi, Jumanne wa kudumu wa kwanza na wa sokoni, Alhamisi wa kudumu wa pili na wa kwaya. Hesabu tena, utakuta 24, na kila mmoja ana zamu tulizokubaliana. Wa kudumu wa kwanza anapumzika Alhamisi na Jumapili, mwenzake Jumanne na Jumamosi.

Sheria hiyo hiyo inaongeza angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kuanzia saa 2 usiku. Wanaofanya jioni wana saa mbili za namna hiyo kila zamu, usizisahau siku ya malipo.

Weka daftari la jioni za wikiendi, jina na jumla tangu mwanzo wa mwezi. Ukitumia jedwali la kompyuta, siku ziwe safu B hadi H kuanzia Jumatatu, jioni ziwe mistari ya 3 hadi 5, na jina la mhudumu liwe A8:

```
=COUNTIF($F$3:$H$5,A8)
```

Hiyo inahesabu jioni zake za Ijumaa hadi Jumapili. Kila unapopanga wiki mpya, mwenye jumla ndogo ndiye wa kwanza kuwekwa. Idi na Krismasi zipe ukurasa wao, zisichanganywe na wikiendi za kawaida.

Wahudumu wakibadilishana zamu, ruhusu, lakini iandikwe kabla, isivunje zile saa 12, na hesabu iende kwa aliyefanya kazi kweli. Nilisimamia mgahawa mmoja ambako kijana mpole alikuwa akichukua Jumamosi za wenzake kwa ahadi ya kulipwa siku nyingine. Kwenye ratiba mambo yalikuwa sawa kabisa. Nilipopekua daftari la kusaini, nilikuta amefanya Jumamosi saba mfululizo na hajarudishiwa hata moja. Tangu siku hiyo nasoma daftari la kusaini, ratiba ya ukutani naiacha kuwa mpango tu.

Jambo la mwisho ni maombi mapya. Tofautisha siku ambayo mtu hawezi (masomo, ibada, mtoto) na siku ambayo angependa kupumzika. Ya kwanza inaingia kwenye ratiba moja kwa moja. Ya pili aiombe kwa maandishi kabla hujapanga, na mimi hutoa mbili kwa mwezi kwa kila mtu. Akija mtu wa pili akasema Jumapili hatapatikana tena moja kwa moja, mwonyeshe hesabu: watabaki watatu kwa nafasi tatu, na homa ya mmoja itakuacha na pengo. Hapo mtafute kwanza mtu wa saba wa Jumapili jioni, ndipo umkubalie.